Madebe 30 yaliyorudi mara mbili: barua ya wazi kwa wahasibu na watunza stoo wa maduka ya jumla, Mombasa

Ndugu wahasibu, na nyinyi watunza stoo ambao kwa kawaida barua kama hizi hazifiki mezani kwenu,

Mwezi uliopita niliitwa katika duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi kusaidia kufunga hesabu za mwezi. Kwenye skrini, rangi nyeupe ya debe la lita 20 ilionyesha madebe 100. Tukaingia stoo mimi na mtunza stoo, tukahesabu safu kwa safu, tukapata 130. Tukarudia kutoka upande wa pili, ikawa ile ile. Mhasibu alipoambiwa alicheka kwa raha: "Afadhali yamezidi kuliko kupungua." Alikuwa tayari ameshafungua ukurasa wa `Stock Reconciliation` aandike 130, abonyeze, mambo yaishe.

Nilimwomba aondoe mkono kwenye kipanya. Madebe hayazai stoo. Yakizidi, kuna mahali hesabu imetoa kitu ambacho mikono haikukitoa, na kitu hicho kina upande wa pili ambao pia umekwenda kombo.

Nitawasimulia ilivyokuwa, kwa sababu tangu siku hiyo nimeuona mkasa huu huu katika maduka mengine mawili. Duka silitaji, wala aliyeuza rangi. Mfumo wao wa ERP ni ERPNext, ambao wengi wenu mnautumia pia. Walio na mfumo mwingine watakuta majina tofauti kwenye skrini, ila mwendo wa hesabu ni huo huo.

Walikuwa na madebe 40 ya zamani, waliyoyanunua kwa shilingi 5,400 kila moja. Ukaingia mzigo mpya wa madebe 120 kwa shilingi 6,000 kabla ya kodi. Mtunza stoo akaandika hati ya mapokezi, `Purchase Receipt`, na mhasibu akatoa ankara, `Purchase Invoice`, kutokana na hati hiyo: bidhaa 720,000, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16 ikawa 115,200, jumla deni la 835,200. Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa.

Siku ya pili akaja fundi wa rangi, mteja wa zamani, akataka afunguliwe debe kabla ya kulipa. Kifuniko kilipoinuliwa palikuwa na utando mzito juu kama malai ya maziwa yaliyopoa. Akaingiza kijiti, kikakwama. Alipokizungusha, vikapanda vibonge vyeupe kama jibini, na chini yake majimaji ya kijivu. Fundi akafuta kijiti kwa gazeti, akasema "Hii si rangi, hii ni uji," akaondoka. Mtunza stoo, ambaye namheshimu kwa hili, hakubishana. Alisimamisha mauzo ya rangi ile, akafungua debe moja moja la kila namba ya toleo iliyopigwa chini ya madebe, akakuta ubovu uko kwenye toleo moja tu. Toleo hilo lilikuwa madebe 30. Akayatenga, akapiga simu, na siku tatu baadaye lori la msambazaji likaja kuyachukua. Dereva akatia saini, utingo akapakia.

Madebe yalitoka mara moja. Kwenye mfumo yakatoka mara mbili.

Mara ya kwanza aliyatoa mtunza stoo, na alifanya sawasawa. Alifungua ile ile hati ya mapokezi, akabonyeza `Create`, akachagua `Purchase Return`, mfumo ukamtolea hati mpya yenye idadi hasi, iliyofungamana na ile ya kwanza. Akabadilisha idadi ikawa -30, kwa kuwa mfumo hupendekeza kurudisha mzigo wote, akaiwasilisha. Stoo ikashuka kutoka 160 hadi 130.

Mara ya pili aliyatoa mhasibu. Yeye alipewa nakala ya kaboni ya karatasi aliyotia saini dereva, hakuna aliyemwambia kwamba kwenye mfumo stoo imeshashuka. Akaamua kuandika hati ya debiti. Lakini hakuitoa kwenye ankara ya mwanzo. Alifungua `Purchase Invoice` mpya tupu, akatia alama `Is Return`, akaandika rangi, -30, 6,000, kodi, na kwa kuwa akili yake ilimwambia "bidhaa zimetoka", akatia alama pia kwenye kisanduku cha `Update Stock`. Stoo ikashuka tena, kutoka 130 hadi 100.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Hati ya debiti iliyofungwa na hati ya mapokezi haikubali alama ya `Update Stock`: mfumo unagoma na kukwambia stoo haiwezi kubadilishwa dhidi ya hati ile. Kinga ipo. Ila kinga hiyo inafanya kazi pale tu hati zinapojuana. Hati huru, isiyotaja imezaliwa na ankara gani, haina wa kuikataza.

Na kilichofanya kosa hili lilale kimya ni kwamba upande wa deni ulikuwa sahihi. Bei 180,000, kodi 28,800, jumla 208,800. Deni likashuka kutoka 835,200 hadi 626,400. Taarifa ya msambazaji ilipokuja mwisho wa mwezi, ilisoma 626,400 vilevile. Mhasibu akalinganisha, akatia tiki, akalala usingizi. Ukilinganisha na msambazaji peke yake, huwezi kuliona kosa la aina hii hata ukeshe.

Liko wapi basi? Liko kwenye akaunti ya mpito ambayo wengi wenu hamuifungui: `Stock Received But Not Billed`. Kazi yake ni kushikilia thamani ya bidhaa kati ya siku zinapopokelewa na siku ankara inapoandikwa. Mzigo ukiingia, akaunti hii inakrediwa; ankara ikija, inadebitiwa, inabaki sifuri. Katika kurudisha inakwenda kinyume, kama hivi:

```
Purchase Receipt (Is Return)
  Dr  Stock Received But Not Billed   180,000
  Cr  Stock In Hand                   180,000

Purchase Invoice (Is Return)
  Dr  Creditors                       208,800
  Cr  Stock Received But Not Billed   180,000
  Cr  VAT                              28,800
```

Soma mistari miwili ya `Stock Received But Not Billed`. Mtunza stoo anaiweka 180,000 upande mmoja, mhasibu anaiondoa upande wa pili, akaunti ya mpito inarudi sifuri. Hapo ndipo mikono yao inapokutana, hata kama hawajasalimiana siku nzima. Kwa duka nililolieleza, mhasibu alipotia alama ya `Update Stock`, krediti yake haikwenda kwenye akaunti ya mpito. Ilikwenda moja kwa moja kwenye stoo. Matokeo yake 180,000 ya mtunza stoo ikabaki inaning'inia upande wa debiti bila mwenzake, na stoo ikapigwa mara mbili.

Sasa fikirieni yule mhasibu angeachiwa abonyeze `Stock Reconciliation` yake. Madebe 30 yangerudi kwenye skrini, skrini na stoo zingepatana, kila mtu angeshukuru. Lakini mfumo ukiongeza bidhaa kwa njia hiyo unatafuta mahali pa kuikredi thamani yake, na mahali hapo ni akaunti ya marekebisho ya stoo, ambayo imo kwenye gharama. Gharama zingepungua kwa karibu 180,000. Yaani duka lingepata faida kwa kurudisha rangi mbovu. Na ile 180,000 nyingine ingebaki kwenye akaunti ya mpito, ikijifanya mali, mpaka mkaguzi aje aiulize miaka miwili baadaye wakati dereva, utingo na karatasi ya kaboni hawajulikani waliko.

Dawa ilituchukua robo saa. Tulifuta ile hati huru ya debiti kwa `Cancel`, stoo ikapanda hadi 130. Kisha tukafungua ankara ya mwanzo yenyewe, `Create`, `Return / Debit Note`, tukabadilisha idadi ikawa -30, tukahakikisha `Update Stock` haina alama, tukawasilisha. Deni likarudi 626,400, akaunti ya mpito ikasoma sifuri. Hatukugusa `Stock Reconciliation`.

Tahadhari moja kwa wanaofuata njia hiyo: tazameni jedwali la kodi na gharama chini ya hati kabla ya kuwasilisha. Kama ankara ya mwanzo ilikuwa na mstari wa usafiri uliowekwa kama kiasi kamili, mfumo unaugeuza wote kuwa hasi, si robo yake. Unarudisha madebe 30 kati ya 120 lakini unajidai nauli ya lori zima. Msambazaji ataikataa, na atakuwa na haki.

Mhasibu aliniuliza swali zuri: kwa nini nisiandike tu kwa mkono? Kwa nini nisiyatoe madebe kwa `Stock Entry`, halafu nipunguze deni kwa `Journal Entry`? Jumla si itakuwa ile ile?

Haiwi ile ile, na nilimwonyesha kwa kalamu. Madebe 40 ya 5,400 ni 216,000. Ukiongeza 720,000 za mzigo mpya unapata 936,000 kwa madebe 160, wastani 5,850. Duka lile linathamini stoo kwa wastani unaotembea. Ukiyatoa madebe 30 kwa `Stock Entry` ya kawaida, mfumo haujui kwamba ni yale ya 6,000. Unayatoa kwa wastani, 5,850, yaani 175,500. Lakini msambazaji anakurudishia 180,000. Tofauti ni 4,500, nayo inabaki ndani ya madebe 130 yaliyosalia, ambayo sasa yanasomwa 760,500. Fanyeni hesabu ya asili: madebe 40 ya 5,400 na madebe 90 mazima ya 6,000 ni 756,000. Hati ya kurudisha iliyofungwa na hati ya mapokezi inakupa 756,000 kamili, kwa sababu inachukua bei ya siku ile mzigo ulipoingia. Hati ya mkono inakupa rangi iliyopanda thamani kwa kuwa jirani na rangi mbovu.

Elfu nne na mia tano ni hela ya mafuta ya pikipiki, mtaniambia. Kweli. Lakini katika duka linalorudisha bidhaa kila wiki, saruji iliyoganda, vigae vilivyopasuka, balbu zisizowaka, tofauti hizi haziji upande mmoja wala haziandikwi mahali, na mwisho wa mwaka mnakaa mkitafuta mwizi ambaye hayupo.

Niwaombe radhi kidogo kabla ya kuendelea, maana nisije nikaonekana mtakatifu. Miaka niliyokuwa karani wa malipo, niliwahi kulipa ankara nzima ya mabomba ambayo sehemu yake ilikuwa imesharudishwa wiki mbili kabla. Stoo walikuwa wametoa hati yao. Mimi nilitazama deni tu, deni lilikuwa zima, nikaandika hundi. Akaunti ya mpito ilikuwa inapiga kelele upande wa debiti muda wote huo, na sikuwa najua hata kwamba inafunguliwa.

Mkishalipa, kurudisha bado kunawezekana, ila hati ya debiti haina deni la kulipunguza. Inakaa kwenye jina la msambazaji kama pesa anazotudai sisi kwa hesabu ya kinyume, yaani tunamdai yeye. Hapo ndipo wengi wanapoisahau. Ankara yake inayofuata inakuja, karani anaiona peke yake, anailipa yote, na 208,800 zetu zinabaki mezani kwa mwingine. Ukurasa wa kuzikutanisha ni `Payment Reconciliation`: unachagua msambazaji, unaona hati ya debiti upande mmoja na ankara mpya upande wa pili, unazifunga. Fanyeni hivyo siku ankara inapoingia, si siku ya kulipa.

Kuna pia ule ubabaishaji wa "nitakubadilishia tu." Msambazaji anachukua madebe 30 mabovu asubuhi, jioni analeta 30 mazima, na kila mtu anasema hakuna haja ya karatasi kwa sababu idadi haikubadilika. Idadi kweli haikubadilika. Lakini namba ya toleo imebadilika, na siku mteja atakapoleta malalamiko, mfumo utasema debe lile lilitoka kwenye toleo ambalo liliondoka zamani. Na ikiwa lori la jioni halikuja, mna deni la madebe 120 na stoo ina 90 tu ya mzigo huo. Andikeni kurudi, kisha andikeni mapokezi mapya. Ni hati mbili zaidi, najua.

Sasa kuhusu jina lenyewe, hati ya debiti, ambalo linawatia wengi matatani na Mamlaka ya Ushuru. Katika ERP, hati ya debiti ni yetu wanunuzi: tunamwandikia msambazaji kwamba tumepunguza deni lake. Katika Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 16, hati ya debiti ni kitu kingine kabisa: ni ya muuzaji, naye huitoa anapoongeza bei juu ya ankara aliyokwisha kuitoa. Bidhaa zikirudi, sheria haitazami hati yetu. Inamtaka muuzaji atoe hati ya krediti, na inampa miezi 6 tangu tarehe ya ankara ya kodi. Siku hizi anaitoa kupitia eTIMS, na inaonekana huko.

Kwa hiyo ile 28,800 tuliyoikredi kwenye hati yetu ni kodi ambayo hatuna tena haki ya kuidai, ila karatasi inayoithibitisha iko mikononi mwa mwingine. Nimeona maduka yaliyopeleka hati yao ya debiti kwa msambazaji, wakapata jibu la simu, "sawa, tumeona," wakaridhika. Miezi ikapita. Muuzaji hakutoa krediti yoyote kwenye eTIMS, na taarifa yake ikaendelea kusoma deni lote. Mwezi wa saba wakaanza kuandikiana barua za mawakili kwa ajili ya rangi.

Ninachowaomba ni kidogo. Mtunza stoo, lori likiondoka na bidhaa mbovu, usimpe mhasibu karatasi ya kaboni tu. Mpe namba ya hati ya kurudisha iliyoko kwenye mfumo, iandike juu ya karatasi hiyo kwa kalamu nyekundu ukipenda. Mhasibu, usifungue hati tupu. Anza kwenye ankara ya mwanzo, na kabla ya kutia alama yoyote uliza: stoo imeshashuka au bado? Kama ankara yenyewe ndiyo iliyoingiza bidhaa, bila hati ya mapokezi kando, basi hati ya debiti itazitoa na alama itakuwepo. Kama kuna hati ya mapokezi, alama isiwepo. Kisha andika kwenye hati hiyo namba ya krediti ya eTIMS siku itakapokuja, ili atakayekuja baada yako asiitafute kwenye simu yako.

Na wenye maduka, kwa kuwa najua mnasoma barua hizi juu ya bega la mhasibu: msiwaulize tu kama deni limelingana na taarifa ya msambazaji. Ulizeni akaunti ya mpito imebaki na nini, na kila kilichobaki ni mzigo gani, wa tarehe gani. Baki la krediti ni bidhaa zilizopokelewa ambazo ankara yake haijaja, hilo ni la kawaida. Baki la debiti mara nyingi ni madebe ya mtu yaliyopanda lori na hakuna aliyempunguzia msambazaji deni, au, kama kwa wenzetu, aliyelipunguza alipitia mlango mwingine.

Marejesho ya kodi ya mwezi huu yanatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi ujao. Wale mnaonitarajia kabla ya hapo, tafadhali chapisheni leja ya akaunti hiyo tangu Januari na muiweke juu ya meza. Nitaanza nayo kabla ya chai.

Mwenzenu katika hesabu,
Karani wa zamani wa malipo, Mombasa